Mwombe Mwenzako Alichokiona, Usimwombe Sifa

Wasifu mfupi wa kitaaluma, ule wa maneno 100 hivi unaokaa chini ya picha kwenye kijitabu cha warsha, kwenye andiko la zabuni au kwenye jalada la nyuma la kitabu, kwa kawaida huwa ni maneno ambayo mwenye wasifu amejisemea mwenyewe. Amesoma wapi, amefanya kazi gani, kwa miaka mingapi. Siku hizi wengi huingiza humo sentensi moja ya mtu mwingine, mara nyingi mwenzao wa kazi, ikiwa ndani ya alama za kunukuu pamoja na jina la aliyeisema. Sentensi hiyo ikiwa nzuri, msomaji huisoma mara mbili, kwa sababu ndiyo mahali pekee kwenye wasifu ambapo mtu mwingine amekubali kuweka jina lake. Ikiwa mbovu, imekula robo ya nafasi bila kusema kitu. Watu wengi hudhani tofauti hiyo inatokana na ufundi wa aliyeiandika. Mimi naamini inatokana zaidi na meseji aliyotumiwa ya kumwomba aiandike. Mwenzako ukimwomba sifa atakupa sifa, na ukimwomba alichokiona atakupa ushahidi. Msomaji wa wasifu anatafuta ushahidi.

Tuitazame kwanza meseji iliyozoeleka. Huwa hivi: "Mambo vipi kaka. Samahani kwa usumbufu. Naandaa wasifu wangu, naomba uniandikie maneno machache mazuri kunihusu. Asante sana." Ina adabu na ni fupi, lakini imemwachia mwenzako kazi yote. Hajui maneno hayo yatasomwa na nani. Hajui ni kazi ipi kati ya zile mlizofanya pamoja unayotaka aizungumzie. Hajui "machache" ni maneno kumi au ukurasa mzima, wala hajui ni ya leo au ya mwezi ujao. Mtu aliyeachwa hivyo, tena akiwa kwenye daladala au katikati ya kikao, hushika maneno yaliyo karibu: mchapakazi, mwadilifu, mbunifu, anashirikiana vizuri na wenzake. Maneno hayo huenda ni ya kweli, lakini jaribu kuliondoa jina lako kwenye sentensi hiyo na kuweka jina la jirani yako wa ofisini. Sentensi itasimama vilevile, bila kuyumba. Sentensi inayomfaa kila mtu haimsaidii msomaji kumchagua mtu.

Kwamba mwandishi mwema anaweza kutoa maneno yasiyofaa si jambo la kukisia. Mwaka 2003, Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 za kuwapendekeza madaktari waliokuwa wakiomba kufundisha katika chuo kimoja kikubwa cha tiba nchini Marekani. Walioziandika walikuwa wasomi, na walikuwa wakiwatetea watu waliowataka wafanikiwe. Hata hivyo barua za wanawake kwa wastani zilikuwa fupi zaidi, zilitaja zaidi bidii na juhudi, na zilikuwa na maneno mengi zaidi yenye kuacha shaka. Barua nzima si sawa na sentensi moja, na chuo cha Marekani si ofisi ya Dodoma au Mombasa. Lakini chanzo cha tatizo ni kilekile: mtu akipewa ukurasa mtupu na kuambiwa asifu, kalamu hufuata mazoea ya jamii kabla ya kufuata kumbukumbu. Sisi pia tuna mazoea yetu. Mwanamke mhandisi huishia kuitwa "dada mcheshi na mwenye heshima", kijana huitwa "mwepesi wa kujifunza" hata baada ya miaka minane kazini. Dawa yake ni kuuliza swali linaloilazimisha kumbukumbu ifanye kazi, na swali hilo hukaa ndani ya meseji yako.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Mfasiri mmoja wa Kiingereza na Kiswahili amealikwa kutoa mada kwenye warsha Arusha, na waandaaji wanataka wasifu wa maneno 100. Mwaka uliopita alifasiri kitabu cha mafunzo cha kurasa 48 kwa ajili ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Alipokuwa akifasiri, aligundua kwamba jedwali la ukurasa wa 17 linasema sirapu fulani mtoto apewe mara mbili kwa siku, na maelezo ya ukurasa wa 31 yanasema mara tatu. Akaandika swali pembeni, akalituma kwa mratibu wa uchapaji, kosa likarekebishwa kabla ya kuchapa. Mratibu huyo, mwanamume aliyemzidi umri kwa miaka kadhaa, ndiye anayefaa kuombwa. Aliiona kazi ikifanyika, anajua ingekuwaje kama isingefanyika hivyo, na cheo chake kinaeleweka kwa wasomaji wa kijitabu. Mambo hayo matatu yana uzito kuliko ukubwa wa jina. Mkurugenzi aliyekusalimia mara mbili kwenye korido anaweza kukupa sentensi yenye cheo kikubwa, lakini hana alichokiona, na kauli yake itaonyesha hivyo.

Mfasiri wetu angeweza kumwandikia hivi:

"Shikamoo kaka. Habari za tangu tulipomaliza kile kitabu cha wahudumu wa afya? Natumaini nyumbani hamjambo. Nina ombi dogo, na ukiona halikukalii vizuri niambie tu, halitaharibu kitu kati yetu. Nimealikwa kutoa mada kwenye warsha ya wafasiri Arusha mwezi ujao, na wanataka wasifu wangu wa maneno 100 wauchape kwenye kijitabu cha washiriki. Ningependa kuweka humo sentensi yako moja, maneno 15 hadi 25, pamoja na jina lako na cheo ulichokuwa nacho wakati ule. Watakaousoma ni wachapishaji na mashirika yanayotafuta mfasiri wa maandishi ya afya. Wanachotaka kujua ni kama mtu huyu akikabidhiwa kitabu chenye dozi na vipimo atakuwa makini. Kwa hiyo naomba unijibu swali moja tu: ulipoipokea tafsiri yangu, ni kitu gani kilichokupunguzia kazi au kilichokushtua? Mimi nakumbuka lile jedwali la ukurasa wa 17, lakini kama wewe ulikiona kingine, nipe hicho. Unaweza kunitumia kwa sauti, nitaiandika na kukurudishia uione kabla haijaenda popote. Natakiwa kuwapelekea Ijumaa tarehe 20, hivyo nikiipata Jumanne tarehe 17 itanitosha. Kama ofisi yako haipendi jina lake litajwe, tutaweka jina lako peke yake. Asante, na nisalimie wifi."

Meseji hiyo ni ndefu kuliko ile ya mazoea, na huenda msomaji akaona imezidi. Lakini hesabu muda wa mpokeaji. Ile fupi husomwa kwa sekunde tano, kisha humgharimu mwenzako nusu saa ya kujiuliza aandike nini, na kwa sababu hana nusu saa, anaiahirisha. Hii ndefu husomwa kwa dakika moja, na jibu lake ni dakika moja nyingine. Urefu unaochosha ni ule usiombebea msomaji mzigo wowote, kama kueleza historia yako ya kazi anayoifahamu tayari, au kuomba radhi mara nne. Hapa kila sentensi imemwondolea swali ambalo angelazimika kukuuliza.

Kiini cha meseji hiyo ni lile swali moja. Limemtaka mratibu arudi kwenye siku fulani, kazi ikiwa mbele yake, aseme kilichotokea. Halikumwuliza mfasiri ni mtu wa namna gani. Ukimwuliza mtu "unanionaje?" anakupa hukumu, na hukumu bila ushahidi haina nguvu kwa msomaji asiyewajua nyote wawili. Ukimwuliza "uliona nini?" anakupa tukio, na hukumu msomaji ataitoa mwenyewe. Maswali ya namna hii yapo kwa kila kazi. Mhasibu anaweza kumwuliza mkuu wa idara aliyehudumiwa naye: "Kabla sijaanza kuandaa taarifa zenu za mwezi na baada ya hapo, ni kitu gani kilibadilika mezani kwako?" Mwalimu wa somo anaweza kumwuliza mwenzake wa zamu: "Uliposimamia darasa langu, wanafunzi walikuwa wakifanya nini?" Chagua swali moja. Ukiweka matano umetuma dodoso, na dodoso hujibiwa na mtu anayelipwa kulijibu.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, nalo ni zito. Je, kumtajia mwenzako lile jedwali la ukurasa wa 17 si kumlisha maneno? Kama unataka ushahidi, mbona unamwongoza shahidi? Jibu langu ni kwamba kuna mpaka kati ya kumkumbusha mtu tukio na kumpa hitimisho. Kumtajia kazi, tarehe au ukurasa ni kumwonyesha mahali pa kutazama, jambo ambalo mtu mwenye kazi kumi na mbili kichwani analihitaji kwa haki. Kumwandikia "useme kwamba mimi ni makini sana" ni kumwazima mdomo wake. Njia ya kujua kama umevuka mpaka ni kujiuliza: je, kwa meseji hii, mwenzangu anaweza kujibu kitu nisichokitarajia? Kwenye mfano wetu anaweza, maana ameambiwa waziwazi kwamba akiona kingine atoe hicho. Na mara nyingi hicho kingine ndicho kinachofaa zaidi, kwa sababu kilichokugharimu wewe jasho si lazima kiwe ndicho kilichomfaa yeye.

Pingamizi la pili utalipata kutoka kwa mwombwa mwenyewe. Atakujibu: "Andika wewe, mimi nitakubali." Wakubwa wenye shughuli nyingi hulisema hili kwa nia njema kabisa, na ofisi nyingi zimelizoea. Tatizo lake ni kwamba sentensi uliyojiandikia ina sauti yako, na wasifu wote uliobaki nao una sauti yako. Msomaji makini huusikia mfanano huo hata kama hawezi kuueleza. Zaidi ya hapo, siku mtu akimpigia simu mwenzako kuuliza kuhusu kauli ile, ataikuta kauli ambayo msemaji wake haikumbuki. Badala ya kukubali au kukataa, rudi kwenye maneno aliyokwisha kuyasema. Fungua mazungumzo yenu ya zamani ya WhatsApp au barua pepe za wakati ule wa kazi. Mara nyingi sentensi unayoitafuta ilishaandikwa siku kazi ilipokamilika, bila kuombwa, na mtu aliyekuwa bado ana joto la kazi: "Dada umetuokoa, ile dozi tusingeiona." Mrudishie maneno yake hayo na umwombe ruhusa ya kuyatumia, yakiwa yamenyooshwa kidogo. Kwake ni kazi ya kusema ndiyo tu, na kwako maneno yamebaki kuwa yake. Lakini usiyatumie kabla hajasema ndiyo. Aliyekwambia jambo kwenye mazungumzo ya watu wawili hakukubali lichapwe.

Ruhusa inahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu waungwana hukosea bila kujua. Jina la mtu, cheo chake na mahali anapofanyia kazi ni taarifa zake binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sitaki kumtisha mtu kwamba sentensi moja ya kijitabu itampeleka mahakamani. Ninachochukua kutoka kwenye sheria hizo ni wazo linalofaa hata pasipo sheria: ridhaa hutolewa kwa matumizi yanayojulikana. Mratibu aliyekubali jina lake lichapwe kwenye kijitabu cha warsha hakukubali litokee kwenye andiko la zabuni unalolipeleka kwa shirika linaloshindana na lake. Kwa hiyo taja matumizi kwenye meseji, na ukitaka kuyapanua mwombe tena kwa mstari mmoja. Kumbuka pia kwamba cheo hubeba ofisi. Mtumishi wa umma, au mtu wa benki, anaweza kuwa na kanuni zinazomzuia kutoa kauli kwa jina la taasisi, na akaona haya kukueleza. Ndiyo maana meseji yetu ilimpa njia ya kutumia jina bila ofisi. Upande wako nao una mipaka: taaluma kama uwakili na udaktari zina kanuni za namna mtu anavyoruhusiwa kujitangaza, na kwa mfano mawakili wa Kenya wana kanuni zao za mwaka 2014. Mwenye taaluma kama hizo asome kanuni zake kabla hajamsumbua mwenzake.

Halafu kuna ile sentensi ya "ukiona halikukalii vizuri niambie". Wengine huiona ni udhaifu, kwamba unamfundisha mtu kukukataa. Utafiti wa Francis Flynn na Vanessa Lake, uliochapishwa mwaka 2008, unasaidia kuona kwa nini si hivyo. Waliwataka washiriki wakisie ni watu wangapi wasiowajua wangelazimika kuwaomba jambo dogo, kama kujaza dodoso, mpaka wapate idadi fulani ya waliokubali. Kisha wakawatuma wakaombe kweli. Katika jaribio hilo la dodoso, washiriki walikisia karibu maradufu ya watu waliohitajika. Watu hukubali kuliko tunavyodhani, na sababu mojawapo waliyoieleza watafiti ni kwamba mwombaji hafikirii jinsi kukataa kunavyomwia vigumu mwombwa. Somo la hapo lina pande mbili. Kwanza, usiogope kuomba. Uwezekano wa kukubaliwa ni mkubwa kuliko hofu yako inavyokwambia. Pili, "ndiyo" uliyoipata haimaanishi mtu ameridhia. Kwetu, ambako kumwambia mtu "hapana" usoni huonekana ukosefu wa utu, mwombwa asiyetaka husema "sawa, nitakutumia", kisha kimya. Au anatuma sentensi baridi, yenye mwadilifu na mchapakazi, ili ombi limtoke. Ukimfungulia mlango wa kukataa kwa heshima, anayebaki ndani amebaki kwa hiari, na kauli ya mtu wa hiari ina uhai. Kwa sababu hiyohiyo usimwombe mtu aliye chini yako ambaye wewe ndiye unayemjazia fomu ya tathmini, na usiahidi kwenye meseji hiyo hiyo kwamba nawe utamwandikia yake. Ya kwanza ni shinikizo, ya pili ni biashara, na zote mbili huondoa thamani ya kile unachokiomba.

Kimya kikitokea, mkumbushe mara moja tu, siku ya mwisho uliyompa au siku moja kabla yake, kwa meseji fupi isiyolaumu: "Kaka, kesho ndiyo tarehe 17. Kama muda umekubana, usijali, nitaupeleka wasifu bila sentensi hiyo." Asipojibu hapo, amekujibu. Usimpigie simu, usimtume mtu wa kati. Wasifu usio na kauli ya mtu haujapungukiwa na chochote cha lazima, lakini urafiki wa kazi uliobanwa kwa ajili ya maneno ishirini umepungukiwa.

Kwenye mfano wetu, mratibu anajibu kwa ujumbe wa sauti jioni ya Jumatatu. Anasema: "Mimi kilichonishangaza, wewe ulikisoma kile kitabu kama mtu atakayekitumia. Zile dozi za ukurasa wa 17 na wa 31 zilikuwa zinapingana, na sote tulikuwa tumepita hapo, mimi na wale wa kliniki, hakuna aliyeona. Wewe ukatuambia kabla hatujapeleka kiwandani." Sentensi ya kwanza hakuna ambaye angeweza kumlisha. Imetoka kwenye kumbukumbu yake, na ina picha ambayo mfasiri mwenyewe asingethubutu kujisemea. Ndiyo faida ya kumruhusu mtu aongee: akishika kalamu huandika lugha ya barua ya ofisi, akifungua mdomo husema alichokiona. Mfasiri anapunguza maneno, anabadilisha "wewe" kuwa "yeye", anaondoa namba za kurasa zisizomhusu msomaji, na anamrudishia hivi: "Alikisoma kitabu kama mtu atakayekitumia: aliona dozi mbili zinazopingana ambazo sote tulikuwa tumezipita, akatuambia kabla hatujachapa." Ni maneno 16. Mratibu anajibu kwamba ni sawa, ila neno "sote" liondoke, kwa sababu watu wa kliniki ni washirika wao na hapendi waonekane wazembe kwenye chapisho. Linaondoka, yanabaki 15, na maana haijapungua. Angalia kilichoepukwa hapo. Kama kauli isingerudishwa, mfasiri angepata sifa kwenye kijitabu na mratibu angepata lawama ofisini. Kurudisha ni sehemu ya ombi, hata kama umebadilisha koma moja. Na kama wasifu unachapwa kwa Kiingereza ilhali mwenzako alisema kwa Kiswahili, mrudishie tafsiri yenyewe, kwa kuwa ndiyo itakayobeba jina lake.

Unapoupunguza usemi wa mtu, unaruhusiwa kutoa, huruhusiwi kupandisha. Kama alisema "aliona kosa", usiandike "huona makosa yote". Kama alisema "kwa sehemu kubwa alimaliza kwa wakati", na wewe ukaikata "kwa sehemu kubwa", umemsingizia. Ikiwa masharti aliyoyaweka yanaiharibu sentensi kwa matumizi yako, iache sentensi hiyo, mshukuru, na umwambie ukweli kwamba haikupata nafasi.

Mahali pa kuiweka napo pana maana. Kauli ikikaa mwanzoni, msomaji anapewa sifa za mtu ambaye bado hamjui. Ikikaa mwisho, inasomeka kama tangazo. Ikae katikati, mara baada ya sentensi inayoeleza kazi inayohusika, na msemaji atambulishwe kwa uhusiano wake na kazi ile. Wasifu wa mfasiri wetu unaweza kuwa hivi: "Ni mfasiri wa Kiingereza na Kiswahili ambaye kwa miaka tisa amejikita kwenye maandishi ya afya ya jamii. Amefasiri vitabu vya mafunzo, vipeperushi na dodoso za utafiti. Mratibu wa uchapaji wa kitabu kimojawapo anasema: 'Alikisoma kitabu kama mtu atakayekitumia: aliona dozi mbili zinazopingana ambazo tulikuwa tumezipita, akatuambia kabla hatujachapa.' Ana shahada ya isimu, na anaishi Morogoro." Kabla ya neno "anasema" litakaa jina la mratibu. Kitabu hakikutajwa, wala shirika lililokitoa, kwa sababu kosa lililorekebishwa kabla ya kuchapwa ni siri ya kazi. Msomaji hahitaji kujua ni kitabu gani ili aelewe mfasiri huyu anasomaje.

Limebaki pingamizi ambalo wengi wanalo moyoni hata kama hawalisemi: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama kazi yangu ni nzuri, mbona nizunguke kuomba watu waniseme? Methali hiyo ni ya kweli sokoni, pale mnunuzi anapoweza kulishika embe, kulinusa na kulibonyeza. Tafsiri, hesabu za mwaka, ramani ya nyumba au malezi ya darasa havinusiki kwenye kijitabu. Anayesoma wasifu hayupo mahali kazi ilipofanyika, na hawezi kujua mpaka aambiwe na aliyekuwepo. Kumleta aliyekuwepo aseme alichokiona hakufanani na kujitembeza. Kujitembeza ni kumwomba aseme asichokiona, na ile meseji ya "maneno machache mazuri" inaomba hilo hasa, hata kama mwandishi wake hakukusudia. Wanaochukia kujisifu ndio wanaopaswa kuandika ombi la swali moja, kwa kuwa ombi hilo halimtaki mtu yeyote asifu. Na anayesema kwamba kauli za namna hii hazithibitishi kitu, kwa vile kila mtu huchagua inayompendeza, yuko sahihi kwa zile za mwadilifu na mchapakazi. Kauli yenye tukio, jina na cheo inaweza kuulizwa kwa simu moja, na mtu hakubali kirahisi kuweka jina lake kwenye tukio ambalo halikutokea.

Kwa hiyo, kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma, isome meseji yako mara ya mwisho ukitafuta alama ya kuuliza. Kama haimo, hujamwuliza mwenzako kitu, umemwachia kazi. Rudi, ukumbuke siku moja mliyofanya kazi pamoja, na umwulize aliona nini siku hiyo. Kisha atakachokujibu kirudishe kwake akione kabla hakijachapwa.